Msoma mita hahitaji ufunguo wa chumbani

Yule mama alifika kaunta kabla ya saa tatu asubuhi, risiti mkononi. "Mwanangu," alimwambia karani, "jana niliweka laki tatu hapahapa. Mbona leo salio ni la juzi?" Karani akatazama kompyuta, akatazama risiti, akanipigia simu. Nilikuwa fundi wa hifadhidata wa chama hicho cha akiba na mikopo. Nilipofika, wanachama wengine walikuwa wameshapanga foleni na lalamiko hilohilo.

Nilifungua jedwali la miamala. Lilikuwa limejaa kama kawaida, maelfu ya mistari, wala hakuna lililoonekana kuharibika. Kilichonishtua ni namba. Kati ya muamala wa mwisho wa Jumatatu na wa kwanza wa Jumatano palikuwa na pengo la namba zaidi ya mia mbili. Jumanne nzima haikuwepo.

Chanzo kilikuwa kazi ndogo ambayo hakuna aliyeifikiria. Kila siku saa nane usiku, programu moja fupi ilinakili miamala kutoka hifadhidata ya shughuli, ambako makarani wanaandika, hadi hifadhidata ya ripoti, ambako mhasibu anasoma. Hatua zake zilikuwa mbili: futa jedwali la upande wa ripoti, kisha lijaze upya. Jumanne jioni tulihamisha seva, na mmoja wetu akaandika anwani mbili kinyume kwenye faili la mipangilio. Chanzo kikawa ripoti, na ripoti ikawa chanzo. Saa nane usiku programu ikafuta miamala halisi kwa amri ya `TRUNCATE`, kisha ikaijaza kwa nakala ya usiku uliotangulia. Ndiyo maana jedwali lilionekana zima. Kihesabu cha namba hukaa nje ya jedwali, na `TRUNCATE` hairudishi kihesabu nyuma mpaka uiamuru, kwa hiyo namba za Jumatano ziliendelea pale za Jumanne zilipoishia. Lile pengo ndilo alama pekee iliyobaki.

Tuliokolewa na nakala ya akiba iliyochukuliwa saa sita usiku, saa mbili kabla ya maafa. Tuliirejesha kwenye seva ya pembeni, tukachota mistari ya Jumanne peke yake, na alasiri yule mama akaona laki tatu zake.

Watu walimlaumu aliyegeuza anwani. Mimi sikukubali. Mtu aliyechoka atakosea, leo au mwakani. Kosa lilikuwa letu sote tulioiacha programu ile iingie pande zote mbili kwa akaunti ya `postgres`, ambayo ndiyo mwenye nyumba: inasoma, inaandika, inafuta, inaweza hata kuvunja hifadhidata nzima. Kazi ya kunakili haihitaji chochote cha hayo upande wa chanzo isipokuwa kusoma. Msoma mita wa maji huingia uani, akasoma tarakimu, akaondoka. Hakuna anayempa ufunguo wa chumbani ili tu amrahisishie kazi.

Wazo lenyewe si geni. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliliandika mwaka 1975 katika makala yao kuhusu ulinzi wa taarifa ndani ya kompyuta: kila programu, na kila mtumiaji, afanye kazi kwa ruhusa zile tu zinazotosha kuikamilisha. Ugumu uko katika kujua zinazotosha ni zipi, na hapo ndipo nilipojifunza mengi wiki ile.

Tulianza na chanzo. Katika PostgreSQL akaunti mpya haina ruhusa ya kusoma jedwali la mtu mwingine mpaka ipewe, kwa hiyo tuliunda akaunti tupu na kuipa kidogo kidogo:

```sql
CREATE ROLE msomaji_usiku LOGIN CONNECTION LIMIT 2;
GRANT USAGE ON SCHEMA shughuli TO msomaji_usiku;
GRANT SELECT (id, mwanachama_id, tarehe, aina, kiasi, ilibadilishwa)
  ON shughuli.miamala TO msomaji_usiku;
```

Mstari wa kwanza unaunda akaunti isiyoweza kufungua zaidi ya miunganisho miwili kwa wakati mmoja. Wa pili unaifungulia mlango wa chumba ambamo jedwali limo, bila kuipa kitu chochote kilicho ndani. Wa tatu ndio ruhusa yenyewe: kusoma safu wima sita za jedwali moja. Simu ya mwanachama na maelezo ya muamala hayamo, kwa kuwa hakuna ripoti inayoyatumia. Ruhusa ya kusoma tu haizuii wizi. Anayeiba nywila ya akaunti hii atasoma kila inachosoma, na orodha fupi ya safu wima ndiyo inayopunguza hasara hiyo.

Mwenzangu mmoja alipendekeza njia ya mkato: akaunti ibaki na ruhusa zake zote, lakini tuiwekee mpangilio wa `default_transaction_read_only`. Unapendeza kwa jina, na kweli amri ya kufuta inakataliwa. Tatizo ni kwamba akaunti yenyewe, ikishaingia, inaweza kuuzima mpangilio huo kwa mstari mmoja. Huo ni ukumbusho kwa mtu mwema. Kufuli ni ruhusa ambayo haikutolewa tangu mwanzo.

Upande wa ripoti ulikuwa na matata zaidi, kwa sababu huko lazima kuandikwe. Kwanza tuliacha mtindo wa kufuta na kujaza upya. Programu sasa inachukua mistari iliyobadilika tu tangu usiku uliopita. Mpya inaingizwa, na iliyokuwepo inasahihishwa, kwa amri ya `INSERT ... ON CONFLICT DO UPDATE`. Kwa hiyo akaunti ya kuandika haihitaji kabisa kufuta:

```sql
GRANT USAGE ON SCHEMA ripoti TO mwandishi_usiku;
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON ripoti.miamala TO mwandishi_usiku;
```

Mwanzoni niliiondoa `SELECT`, nikidhani mwandishi hana sababu ya kusoma. Programu ikagoma. PostgreSQL haiwezi kusahihisha mstari uliogongana na mpya bila kuruhusiwa kusoma safu wima zinazohusika, na hata programu yenyewe inahitaji kujua iliishia tarehe gani. Ruhusa ndogo kabisa si lazima iwe ile unayoidhania ukiwa umekaa mezani. Inajulikana kwa kuipunguza na kuiendesha kazi mpaka ilalamike.

Kuna gharama. Mstari ukifutwa kwenye chanzo, nakala yake itabaki kwenye ripoti, maana hakuna mwenye ruhusa ya kuuondoa. Kwa chama cha akiba hilo halikutusumbua: muamala uliokosewa haufutwi, unaandikiwa muamala wa kuurudisha nyuma. Penye kazi nyingine ningeongeza kwenye chanzo safu wima inayosema mstari umefutwa, halafu ripoti iuruke. Na `UPDATE` bado ina meno. Programu yenye kasoro inaweza kuandika sifuri kwenye kila kiasi cha fedha kilichomo katika ripoti. Nilikubali hatari hiyo kwa sababu ripoti inaweza kujengwa upya kutoka kwenye chanzo, na chanzo hakiwezi kujengwa upya kutoka popote.

Mtego mkubwa kuliko yote haukuwa kwenye `GRANT`. Tulipojaribu mara ya kwanza, mwandishi alikataliwa kuunda majedwali, kama tulivyotaka, lakini kufuta alifuta bila shida. Sababu ni kwamba jedwali la ripoti lilikuwa limeundwa na programu yenyewe kwa kutumia akaunti ileile wakati wa majaribio, na katika PostgreSQL aliyeunda jedwali ndiye mwenye mali. Mwenye mali hata ukimnyang'anya ruhusa atajirudishia mwenyewe. Tulihamishia umiliki kwenye akaunti nyingine ambayo haina ruhusa ya kuingia kabisa, na tangu hapo majedwali huundwa na mtu, mchana, kwa akaunti isiyokuwemo kwenye faili la programu. Hifadhidata iliyoanza maisha kabla ya toleo la 15, la mwaka 2022, ina jingine la kuangalia: matoleo hayo yalimruhusu kila aliyeingia kuunda vitu ndani ya `public`, na ruhusa hiyo huendelea kuwepo hata baada ya kuhamia toleo jipya, mpaka uiondoe.

Kusoma orodha ya ruhusa hakunitoshi. Huwa naingia kwa akaunti yenyewe na kujaribu kufanya ubaya, kwa namna isiyoumiza:

```sql
DELETE FROM shughuli.miamala WHERE false;
```

Sharti la `false` halilingani na mstari wowote, kwa hiyo hata ruhusa ikiwepo hakuna kitakachopotea. Utaona `DELETE 0` na utajua una kazi ya kufanya. Ruhusa isipokuwepo, hifadhidata inakataa kabla ya kutazama mistari, na kwenye kioo hutokea `permission denied for table miamala`. Nilipouona mstari huo kwa msomaji, na kwa mwandishi upande wa pili, nilirudia kosa la Jumanne kwa makusudi kwenye seva za majaribio. Nilipogeuza anwani peke yake, programu haikuingia popote, kwa kuwa mwandishi hana akaunti kwenye chanzo wala msomaji hana kwenye ripoti. Nilipogeuza anwani pamoja na majina na nywila, iliingia pande zote, na ilipofika kuandika kwenye chanzo ikiwa ndani ya viatu vya msomaji, ikakataliwa. Hakuna mstari uliosogea.

Miezi kadhaa baadaye kazi ya usiku ilikufa kweli. Asubuhi mhasibu alinipigia: "Kaka, ripoti imeishia juzi." Kwenye kumbukumbu za seva kulikuwa na ule mstari wa kukataliwa. Waandishi wa mfumo walikuwa wameongeza kwenye miamala safu wima ya namba ya kitambulisho cha taifa, na mtu mwingine akabadilisha programu ya kunakili ili isome `SELECT *`, yaani kila kitu. Ruhusa iliyotolewa kwa safu wima haifiki kwenye safu wima mpya, kwa hiyo hifadhidata ilikataa ombi zima. Kama tungekuwa tumetoa ruhusa kwa jedwali zima, vitambulisho vya wanachama vingekuwa vimehamia kwenye seva ya ripoti, ambayo watu wengi zaidi wanaifungua, bila mtu yeyote kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zitumike kwa kiasi kinachohitajika na lengo lake.

Nilimuuliza mhasibu kama anahitaji namba za vitambulisho kwenye ripoti zake. Akafikiri kidogo. "Hapana," akasema, "za nini?" Tukaandika majina ya safu wima sita mahali pa ile nyota, tukaiendesha kazi tena, na kabla ya saa nne ripoti ilikuwa imefika jana.