Kinga ya Hisa: Mikataba Mingapi, ya Muda Gani?

Februari 19, 2020, fahirisi ya S&P 500, inayofuata bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilifunga siku kwenye pointi 3,386. Ilikuwa rekodi mpya. Siku 33 baadaye, Machi 23, korona ikiwa imefunga miji na viwanja vya ndege, fahirisi hiyo ilisomeka 2,237. Theluthi moja ya thamani ilikuwa imeyeyuka.

Wapo waliopita katika wiki hizo bila kuuza hisa hata moja, kwa sababu walikuwa wamenunua kinga mapema. Kinga yenyewe ni opsheni ya kuuza: mkataba unaompa mnunuzi haki ya kuuza fahirisi kwa bei iliyokubaliwa, hata soko likishuka vipi. Hufanya kazi kama bima ya gari. Mnunuzi hulipa ada mwanzoni, na muda ukiisha bila ajali, ada haimrudii. Hakuna hisa inayobadilisha mikono, kwani tofauti ya bei hulipwa kwa fedha taslimu.

Tumchukue mwekezaji wa mfano aliyekuwa na hisa za dola 500,000 siku ile ya Februari. Katika soko la opsheni la Cboe, Chicago, upo mkataba mdogo uitwao XSP, unaosimama kwenye sehemu ya kumi ya fahirisi na kuzidishwa kwa 100. Siku hiyo mkataba mmoja ulikinga takriban dola 33,860. Ukigawanya 500,000 kwa kiasi hicho, unapata mikataba 15.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kapu la mwekezaji huyu limejaa hisa za teknolojia, na beta yake ni 1.2. Beta hupima ukubwa wa mtikisiko: soko likishuka kwa asilimia 10, kapu lake hutarajiwa kushuka kwa asilimia 12. Kwa hiyo anachopaswa kukinga si dola 500,000 bali 500,000 mara 1.2, yaani 600,000. Mikataba inayohitajika ni 18.

Tuseme alichagua bei ya 305, takriban asilimia 10 chini ya soko, kwa muda wa miezi mitatu, na kila mkataba ukamgharimu dola 250. Jumla ni dola 4,500. Kufikia Machi 23, kapu lake lingekuwa limepoteza kama dola 203,000. XSP ilikuwa imeshuka hadi 223.7, kwa hiyo kila mkataba ulikuwa na thamani ya angalau dola 8,100. Yote 18 ingempa zaidi ya dola 146,000 kama angeiuza siku hiyo. Hasara iliyobaki, kama dola 61,000 pamoja na ada, ni ile sehemu ya kwanza aliyokubali kuibeba mwenyewe. Kwa mikataba 15, angepungukiwa na dola 24,000 nyingine.

Hesabu hiyo ina udhaifu wake. Beta hutokana na bei zilizopita, na inaweza kubadilika katikati ya msukosuko. Pia hisa za kampuni moja zinaweza kuporomoka kwa sababu zake zenyewe huku fahirisi imetulia, na hapo opsheni hailipi chochote. Dalili huonekana mapema: beta ya miezi sita ikitofautiana sana na ya miaka mitatu, au kapu likiwa na kampuni nne tu, kinga ya fahirisi haitalifuata vizuri.

Lililobaki ni muda, na hapa mwaka 2022 una somo lake. Januari 3 fahirisi ilifunga kwenye 4,796. Riba zilipoanza kupanda, soko halikuanguka kwa kishindo, liliteremka polepole. Aliyenunua kinga ya asilimia 10 chini, yaani pointi 4,317, inayoisha mwisho wa Machi, hakupata kitu, kwani fahirisi ilikuwa 4,530. Aliyechukua ya mwisho wa Juni aliikuta fahirisi kwenye 3,785, na kila mkataba wa XSP ukamlipa kama dola 5,300.

Muda mrefu hugharimu zaidi, ila si kwa uwiano ule ule. Kwa opsheni iliyo sawa na bei ya soko, mwaka mzima hugharimu takriban mara mbili ya miezi mitatu, si mara nne. Thamani huyeyuka kwa kasi zaidi katika wiki za mwisho. Kwa sababu hiyo wengi hununua ya miezi mitatu hadi sita, kisha huiuza ikibakiza mwezi mmoja hivi na kuchukua nyingine, wakipiga hesabu ya beta upya kila mara. Anayesubiri hofu itande hukuta ada imepaa: Machi 16, 2020, kipimo cha VIX, kinachoonyesha jinsi opsheni zilivyo ghali, kilifunga kwenye 82.69, ilhali mwezi mmoja kabla kilikuwa chini ya 15.