Tarehe ya Kwisha Muda na Zamu ya Mali Dukani

Tarehe iliyochapwa kwenye pakiti ya chakula au chupa ya losheni huja kwa sura zaidi ya moja, na muuzaji hulazimika kuzitambua zote. MFG au MFD ni tarehe ya kutengenezwa. EXP ni kikomo cha matumizi; ikishapita, bidhaa haiuzwi. BB au BBE inahusu ubora: hadi siku hiyo mtengenezaji anajifunga kwamba ladha, harufu na ukakamavu wa bidhaa vitakuwa kama inavyotarajiwa. Biskuti iliyopitisha BB huenda imelainika tu, lakini mteja aliyelipa bei kamili hana sababu ya kupewa biskuti laini.

Makosa mengi huanzia kwenye kusoma. Tarehe 03/04/27 ni tarehe 3 Aprili kwa kiwanda cha Nairobi au Dar es Salaam, lakini ni Machi 4 kwa mzigo uliofungashwa kwa mtindo wa Marekani. Vipodozi vya Korea huanza na mwaka: 2027.04.03. Mwezi na mwaka vikiandikwa bila siku, kwa kawaida bidhaa hudumu hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Bidhaa nyingine huonyesha tarehe ya kutengenezwa peke yake, na mahali pengine pa pakiti pameandikwa kwamba hudumu miezi 18 au 24; hapo muuzaji hupiga hesabu mwenyewe na kuiandika kwenye katoni, ili anayemsaidia dukani asiichukue tarehe ya kutengenezwa kuwa ndiyo ya mwisho.

Ili mali isipitwe na tarehe hizo, maduka mengi hufuata kanuni ya kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Kuitaja ni rahisi, lakini mpangilio wa duka huipinga kila siku. Mzigo mpya ukifika jioni, mtu aliyechoka huupanga mbele ya ule wa zamani, kwa kuwa mbele ndiko kulikobaki wazi. Stoo nako katoni mpya huwekwa juu ya za zamani, na zile za chini hukaa miezi bila kuguswa. Dawa yake ni kuipa kila bidhaa safu mbili stoo: moja inatumika hadi iishe, nyingine inangoja. Kwenye rafu, pakiti za zamani huondolewa kwanza, mpya zikawekwa nyuma, kisha za zamani zikarudishwa mbele. Rafu ikiwa fupi kwenda nyuma, zamu hupangwa kwa upande: za kuuzwa hutolewa kushoto, mpya huongezwa kulia. Kila katoni huandikwa tarehe ya mwisho kwa kalamu ya wino mzito, kwa tarakimu kubwa, kwenye upande unaotazama mlango.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina kasoro moja kubwa. Inadhania kwamba mali iliyofika kwanza ndiyo itakayokwisha muda kwanza, na si lazima iwe hivyo. Mzigo unaweza kuwa umelala ghalani kwa muuzaji wa jumla kwa miezi kadhaa kabla ya kupelekwa dukani.

Tuchukue duka linalouza pakiti 2 za maziwa ya muda mrefu kwa siku. Tarehe 1 Juni lina pakiti 24 zinazokwisha muda 25 Agosti. Asubuhi hiyo wakala analeta katoni 5 za pakiti 12, yaani pakiti 60, kwa bei iliyopunguzwa kidogo. Zinakwisha muda 5 Julai. Muuzaji akifuata mpangilio wa kufika, zile 24 zitamchukua siku 12, hadi 12 Juni. Kuanzia 13 Juni hadi 5 Julai ni siku 23, nazo zitatosha kuuza pakiti 46 tu za mzigo mpya. Pakiti 14 zitamfia mikononi. Akigeuza zamu, akaanza na zile 60, zitaisha 30 Juni, na zile 24 zitauzwa hadi 12 Julai zikiwa bado na zaidi ya mwezi mmoja wa uhai. Maziwa ni yaleyale, wateja ni walewale, na hakuna hata pakiti moja inayotupwa.

Hasara ya zile 14 ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ikiwa kila pakiti ilinunuliwa kwa shilingi 1,800 na faida ni shilingi 200, pakiti 14 ni shilingi 25,200, sawa na faida ya pakiti 126. Kwa kasi ya pakiti 2 kwa siku, ni siku 63 za kufanya kazi ili kurudi palepale. Kwa hiyo kanuni inayofaa zaidi ni kinachokwisha muda kwanza kitoke kwanza, na bei ya punguzo haipimwi kabla katoni haijageuzwa na tarehe kusomwa. Swali la kumuuliza wakala mlangoni ni kama pakiti zote zitauzwa kabla ya tarehe hiyo kwa kasi ya kawaida ya duka.

Vipodozi vina jambo lao. Kichoro cha kopo lililofunguliwa kikiwa na 6M, 12M au 24M huhesabu miezi baada ya mteja kulifungua, wala hakisemi lolote kuhusu kopo lililo bado rafuni. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, kipodozi kinachodumu zaidi ya miezi 30 hakilazimiki kuwa na tarehe ya mwisho, hivyo krimu kutoka huko inaweza kuwa na kichoro hicho na namba ya toleo tu. Hapo ndipo mpangilio wa kufika unarudi kuwa mwongozo: tarehe ya kupokea huandikwa chini ya kopo, na la zamani hutoka kwanza. Kopo la kujaribia nalo huandikwa siku lilipofunguliwa.

Tarehe yoyote pia hutegemea hifadhi. Chini ya bati lenye joto, losheni hutengana maji na mafuta, na chokoleti huota ukungu mweupe wa mafuta yake yenyewe. Unga wa dona huchacha mapema kuliko sembe kwa sababu una kiini cha mahindi chenye mafuta. Harufu kali au ladha chungu huonyesha umeharibika hata kama tarehe haijafika.

Daftari lenye ukurasa kwa kila mwezi hutosha kufuatilia yote haya. Mzigo ukiingia, jina, idadi na tarehe huandikwa kwenye ukurasa wa mwezi utakaokwisha muda. Kila tarehe 1, ukurasa wa miezi miwili mbele husomwa: bidhaa zilizobaki husogezwa karibu na kaunta, hupunguzwa bei au hurudishwa kwa wakala, iwapo makubaliano ya kurudisha yalifanywa wakati wa kununua.

Zilizopita tarehe huondolewa siku hiyohiyo, zikatengwa kwenye boksi lililoandikwa HAZIUZWI na kuorodheshwa. Kufuta tarehe kwa tina na kugonga nyingine ni udanganyifu unaoweza kumdhuru mlaji. Nchini Tanzania, tangu 2019 usimamizi wa usalama wa vyakula na vipodozi uko chini ya TBS badala ya iliyokuwa TFDA, na ndiko muuzaji anakopaswa kuuliza utaratibu wa kuteketeza mali iliyokwisha muda.