Rimoti Imegoma? Ianzie kwenye Kamera ya Simu

Rimoti ikigoma, watu huipigapiga kiganjani, husugua betri, huzianika juani, na wapo wanaoziuma kwa meno. Mara nyingine inakubali kwa dakika chache, na hilo lina sababu yake. Ukiipiga, betri husogea kidogo ikagusa sehemu ya chuma ambayo haijashika kutu. Ukiianika, joto huchangamsha kemikali zilizomo ndani kwa muda mfupi. Lakini hujajua bado ubovu uko wapi, na betri iliyoumwa hupasuka ganda ikavujia ndani ya rimoti. Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, chukua simu yako ufungue kamera.

Kwenye ncha ya mbele ya rimoti kuna kitaa kidogo cha ledi. Unapobonyeza kitufe, kitaa hicho hutoa mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu halioni. Urefu wa mawimbi yake kwa kawaida ni kama nanomita 940, na macho yetu hukomea karibu na nanomita 700. Kamera ya simu inaona mbali zaidi ya hapo. Watengenezaji huiwekea kichujio cha kuzuia mwanga huo usiharibu rangi za picha, lakini kiasi fulani hupenya.

Basi ingia mahali penye kivuli, elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera, shikilia kitufe kimoja na utazame kioo cha simu, si rimoti yenyewe. Kitaa kinachofanya kazi huonekana kikimetameta kwa rangi nyeupe au ya zambarau. Anza na rimoti nyingine ambayo una hakika ni nzima, hata ya king'amuzi. Kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kikali na huenda zisionyeshe kitu. Ya mbele, ile ya kujipigia picha, mara nyingi huonyesha. Usipoifanyia simu jaribio hilo kwanza, unaweza kuihukumu rimoti isiyo na kosa.

Ukishaiamini kamera, bonyeza vitufe vyote, kimoja baada ya kingine. Kusipowaka kabisa, anza na umeme: betri, au vyuma vinavyozishika. Vikiwaka baadhi na vingine visiwake, umeme unafika, tatizo liko chini ya vitufe. Mwanga ukiwa hafifu, shuku betri. Na kitaa kikimetameta chenyewe bila kuguswa, kuna kitufe kilichonasa. Rimoti ya namna hiyo hula betri mpya upesi sana.

Jirani yangu aliniletea rimoti ya televisheni iliyokuwa kimya kabisa. "Betri nimeshabadilisha, haikusaidia kitu," alisema. Kwenye kamera hapakuonekana chochote, kwa kitufe chochote. Nilipofungua mfuniko wa nyuma, betri zilikuwa mpya kweli, lakini springi ya upande wa hasi ilikuwa imefunikwa na unga mweupe uliogandamana, na chini yake chuma kina ukijani. Betri zilizotangulia zilivuja. Mpya zikawekwa juu ya uchafu uleule, na unga huo haupitishi umeme vya kutosha.

Namna ya kusafisha hutegemea aina ya betri iliyovuja. Betri za alkalini, ambazo huandikwa "Alkaline" kwenye ganda, huvuja kemikali kali ya upande wa magadi. Hiyo huvunjwa na tindikali nyepesi kama siki au maji ya ndimu, na ukiona vipovu vidogo ujue inafanya kazi. Betri za bei nafuu za zinki na kaboni huvuja majimaji yenye tindikali kidogo, kwa hiyo siki haina faida hapo; tumia pamba iliyoloweshwa maji yenye soda ya kuokea mikate. Za jirani yangu zilikuwa alkalini. Nilikwangua unga mkavu kwa mswaki wa zamani, rimoti ikiwa imeinamishwa ili usiingie ndani, kisha nikapitisha kijiti cha pamba chenye siki kidogo, kikafuata chenye maji, na mwisho chenye spiriti ili pakauke. Siki ikiachwa hapo nayo italeta kutu yake. Usiuguse unga huo kwa mikono mitupu ukajisugua macho, kwa kuwa unachoma.

Ukijani uliobaki niliuondoa kwa kifutio cha kalamu. Msasa laini unaweza kutumika, ila kwa kugusa tu, kwani springi imepakwa tabaka jembamba la nikeli, na ukilimaliza chuma cha chini kitashika kutu haraka zaidi. Katika hewa ya chumvi ya pwani hilo halichukui muda. Halafu niliivuta springi kidogo ili ibane betri vizuri.

Nilirudi kwenye kamera. Sasa kitaa kiliwaka, isipokuwa kwa vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti, ambavyo ndivyo vinavyobonyezwa kuliko vyote. Hapo ikabidi kulifungua ganda. Ondoa betri, tafuta skrubu (moja hupenda kujificha chini ya betri), kisha pitisha kipande cha plastiki kwenye mshono. Bisibisi ya chuma huvunja vile vimeno vinavyoshikilia ganda.

Ndani utakuta shuka la mpira lenye vitufe, na kila kitufe kina kidoti cheusi cha kaboni upande wa chini. Ukibonyeza, kidoti hicho hugusa njia za umeme kwenye bodi na kuziunganisha. Baada ya muda, mafuta ya vidole na mafuta yanayotoka kwenye mpira wenyewe hutanda hapo, na soda au chai iliyomwagika hugandisha sukari. Mpira nilioutoa niliuosha kwa maji ya sabuni nikauacha ukauke kabisa. Bodi niliifuta kwa pamba yenye spiriti, taratibu, kwa kuwa njia nyingine nyeusi za pale ni kaboni iliyopakwa tu, na ukizisugua kwa nguvu zinatoka. Baada ya hapo vitufe vyote viliwasha kitaa, na televisheni ikatii.

Kuhusu betri zenyewe, usizipime kwa kuziweka kwenye saa ya ukutani. Saa hutumia umeme kidogo sana, kwa hiyo betri iliyochoka bado itaiendesha kwa miezi, ilhali kitaa cha rimoti huvuta mkondo mkubwa kila kinapomulika. Ukiwa na mita, betri mpya husoma volti 1.5 au zaidi kidogo. Ikishuka hadi karibu 1.2, ibadilishe. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Ukichanganya mpya na ya zamani, ile dhaifu huisha kabla ya mwenzake, ikaendelea kulazimishwa kupitisha umeme mpaka ikavuja.

Kamera nayo ina mipaka. Inaonyesha kwamba mwanga unatoka, haionyeshi kama ujumbe uliobebwa ni sahihi. Mwanga huo huwashwa na kuzimwa kama mara 38,000 kwa sekunde, na mpigo huo katika rimoti nyingi hushikwa na kipande kidogo cha kauri kilichomo kwenye bodi. Rimoti ikianguka sakafuni kipande hicho kinaweza kupasuka: kitaa kinamulika, televisheni haielewi. Pia rimoti nyingi za televisheni za kisasa hutumia bluetuthi kwa vitufe vingi, na infraredi pengine kwa kitufe cha kuwashia peke yake, kwa hiyo ukimya wao kwenye kamera si ugonjwa.

Kitaa kikiwaka kwa vitufe vyote na televisheni bado ikanyamaza, geukia upande wa pili. Futa vumbi kwenye kijicho cha kupokea, ambacho mara nyingi kiko ukingo wa chini wa kioo, sogeza chochote kinachokiziba, na uzuie jua la dirishani lisikipige moja kwa moja. Ijaribu tena ukiwa umbali wa mita moja. Isipoitikia, mpelekee fundi vyote viwili, rimoti na televisheni.