Akiba ya Walungu iliyogeuka deni

Bandugu, siku moja nilijumlisha akiba ya kooperative moja ya Walungu kwa programu ya Java niliyoandika mimi mwenyewe. Wanamemba 4 400, kila mmoja 500 000 FC: ingepaswa kuwa 2 200 000 000. Ekrani ikanionyesha −2 094 967 296. Akiba imekuwa deni!

Kosa lilikuwa hapa:

```java
int jumla = 0;
```

Kiasi cha kila mtu kinaenea vizuri ndani ya kolone ya `INT`, ila jumla yao haienei: `int` inaishia 2 147 483 647. Ukipita hapo, Java haipigi kelele. Inashuka mpaka −2 147 483 648 na kuendelea kuhesabu toka huko. Ndiyo maana jibu langu lilipungua 4 294 967 296 kamili.

Na alama ile ya kutoa ilinisaidia. Wangekuwa wanamemba 9 000, ningeona 205 032 704: namba safi, lakini ya uongo. Nani angeshituka?

Niliweka `long`, halafu nikalinganisha na `SUM` ya MySQL, yenye inajumlisha kwa nafasi pana zaidi. Na kama jumla utaihifadhi, kolone yake iwe `BIGINT`.