Usimhukumu mwanafunzi kwa sentensi iliyopakwa rangi

Mhadhiri akifungua ripoti ya kigunduzi cha akili unde, macho yake hayakai sana kwenye ile asilimia iliyoandikwa juu. Yanashuka moja kwa moja kwenye sentensi zilizopakwa rangi. Asilimia ni namba tu, lakini rangi inaonyesha kidole: hapa, na hapa, na hapa pia. Mwanafunzi anaitwa ofisini, karatasi inageuziwa upande wake, na anaulizwa, "Hii sentensi uliiandika wewe?"

Swali hilo linaegemea sehemu dhaifu kuliko zote katika ripoti nzima. Jambo hili haliwagusi watu wa ng'ambo peke yao, maana vyuo vyetu vingi hupitisha tasnifu kwenye programu kama Turnitin kabla hazijapokelewa.

Turnitin ilianza kugundua maandishi ya akili unde Aprili 2023. Kampuni ilisema kwamba uwezekano wa kuisingizia kazi nzima ya binadamu kuwa ni ya mashine uko chini ya asilimia 1, pale ambapo zaidi ya asilimia 20 ya kazi hiyo imeonyeshwa kuwa ya mashine. Baadaye mwaka huohuo ikatoa namba ya pili, ambayo haikusikika sana: kwa sentensi mojamoja, kosa hilo hufika takriban asilimia 4. Kwa hesabu ya kampuni yenyewe, basi, sentensi husingiziwa mara nyingi zaidi kuliko kazi nzima.

Sababu ya kwanza ni uchache wa ushahidi. Kigunduzi hakijui nani aliyekaa kwenye kibodi. Kinachopima ni jinsi maneno yanavyofuatana: je, kila neno ndilo ambalo mashine ingetarajia lifuate? Dalili hiyo ni hafifu kwenye neno moja, na hupata uzito ikikusanywa kwenye mamia ya maneno. Mzani wa kupimia magunia ya mahindi hausemi uongo kwa gunia, ila ukiutundikia hindi moja mshale wake unatikisika tu bila kukuambia kitu. Chukua sentensi ambayo imo katika sura ya tatu ya karibu kila tasnifu: "Data zilikusanywa kwa kutumia dodoso na mahojiano." Mwanafunzi huiandika hivyo kwa sababu alifundishwa hivyo. Mashine nayo huiandika hivyo kwa sababu imesoma maelfu ya tasnifu. Ndani ya maneno yale saba hakuna kitu cha kuwatenganisha wawili hao, na hakuna programu inayoweza kukiona kitu ambacho hakipo.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. OpenAI ilipotoa kigunduzi chake Januari 2023 ilitahadharisha kwamba hakiaminiki kwa maandishi yasiyofika herufi 1,000, na Julai ya mwaka huo ikakiondoa kabisa kwa sababu ya usahihi mdogo. Turnitin nayo ilipandisha kiwango cha chini cha kazi inayoweza kupimwa kutoka maneno 150 hadi 300. Hapo ndipo ninaposhangaa: programu inayokataa kupima aya ya maneno 200 inapaka rangi sentensi ya maneno 15, nasi tunaipokea rangi hiyo kama ushahidi.

Sababu ya pili imejificha ndani zaidi, nayo inahusu namna rangi yenyewe inavyopatikana. Turnitin haiitoi sentensi kando na kuisoma peke yake. Huikata kazi katika vipande vya sentensi kadhaa, vinavyopandiana, ili kila sentensi ipimwe pamoja na majirani zake. Alama ya sentensi hutokana na vipande ilimopita.

Tuurahisishe utaratibu huo ili tuone unavyofanya kazi. Tuseme kuna kazi ya sentensi 20. Kumi za kwanza zimenakiliwa kutoka kwa mashine, kumi za mwisho mwanafunzi ameziandika mwenyewe. Kila kipande kina sentensi tano, na tuwe wakarimu kabisa: kigunduzi hakikosei hata kidogo, kinajua barabara ni sentensi ngapi za mashine zimo katika kila kipande. Sentensi ya 11, ambayo ni ya mwanafunzi, inapita katika vipande vitano. Kile kinachoanzia sentensi ya 7 kina sentensi nne za mashine, kinachofuata kina tatu, kisha mbili, kisha moja, na cha mwisho hakina. Jumla ni 10 kati ya 25, yaani asilimia 40. Sentensi ya 12 inapata 24, ya 13 inapata 12, ya 14 inapata 4. Zote hizo ni jasho la mwanafunzi, na zimechafuliwa na ujirani tu.

Upande wa pili wa mpaka yanatokea kinyume chake. Sentensi ya 10, iliyonakiliwa, inashuka hadi asilimia 60, ya 9 hadi 76, ya 8 hadi 88, ya 7 hadi 96. Jumlisha walichoongezewa wasiostahili: 40, 24, 12 na 4, unapata 80. Jumlisha walichopunguziwa waliostahili: 80 vilevile. Makosa ya pande mbili yanafutana, na wastani wa kazi nzima unabaki nusu kwa nusu, kama ulivyo ukweli. Asilimia ya jumla imepona, lakini mstari wa mpaka umevurugika, na kosa dogo la kawaida linatosha kuibadilishia rangi sentensi ya 10 au ya 11.

Si nadharia tupu. Turnitin ilipozichunguza sentensi zilizosingiziwa, asilimia 54 zilikuwa zimepakana na sentensi zilizoandikwa kweli na mashine. Kwa hiyo pale hasa ambapo mhadhiri anataka kujua mwanafunzi aliishia wapi na mashine ikaanzia wapi, ndipo rangi inapokosea zaidi. Ndiyo maana pia mwanafunzi anayebadilisha sentensi zenye rangi tu, kisha akapima tena, anaweza kukuta rangi imehamia kwa majirani ambao hakuwagusa.

Simaanishi kwamba asilimia ya jumla iaminiwe kwa macho yaliyofumba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vigunduzi saba mwaka 2023 kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Turnitin haikuwa miongoni mwa vigunduzi hivyo, lakini onyo linatuhusu sisi tunaoandika tasnifu kwa Kiingereza cha darasani. Tena makosa ya aina hiyo hayafutani: yote yanaelemea upande mmoja. Asilimia ni sababu ya kuuliza, wala haijafika kuwa hukumu. Rangi ya sentensi moja haijafika hata hapo.

Siku hizi Turnitin yenyewe, matokeo yakiangukia kati ya asilimia 1 na 19, huweka nyota badala ya namba na haipaki rangi sentensi yoyote.

Mhadhiri mwenye shaka na aangalie kama rangi imeshika kurasa mfululizo au imetapakaa sentensi moja hapa na moja kule. Hiyo ya kutapakaa aiache. Kisha aombe rasimu za awali, afungue historia ya mabadiliko ya faili, amwite mwanafunzi aeleze kwa mdomo alivyopata hoja zake. Na mwanafunzi aliyegeuziwa karatasi yenye sentensi moja ya rangi ana haki ya kuuliza kwa adabu: asilimia ya kazi nzima ni ngapi?