Ndiyo au ndio?

Mwalimu anauliza, "Umemaliza?" Mwanafunzi mmoja anaandika "Ndiyo", mwingine "Ndio". Masikioni majibu hayo yanakaribiana sana, kwa sababu ulimi ukitoka kwenye i kwenda kwenye o hupitia y wenyewe. Ndiyo maana wengi huiacha y wanapoandika. Lakini kwa Kiswahili sanifu, neno la kukubali ni ndiyo.

Neno hili lina sehemu mbili: ndi-, inayosisitiza, na -yo, inayorejelea kitu kilichotajwa. Sehemu ya pili hufuata ngeli: mtoto huyu ndiye, kitabu hiki ndicho, nyumba hii ndiyo, nyumba hizi ndizo.

Hapo ndipo ndio inapopata kazi yake halali. Si ufupisho tu, bali ni umbo linaloafikiana na ngeli nyingine. Tunaandika "Walimu hawa ndio walionifundisha" na "Mti huu ndio ulioanguka." Kuweka ndiyo hapo ni kosa, kama ilivyo kosa kuandika "Nyumba hii ndio yetu."

Ukikwama, tazama kionyeshi cha nomino. Hii, hiyo na haya huchukua ndiyo: "Maji haya ndiyo matamu." Huu huchukua ndio, na hawa vilevile. Siyo na sio hufuata njia hiyohiyo.

Mitaani utasikia pia ndo, kama katika "ndo hivyo". Hilo ni umbo la mazungumzo. Katika barua au mtihani, andika neno kamili.