Meza ya sentimita 75 ni ya nani?

Ukimwagiza fundi seremala meza ya kuandikia bila kumpa kipimo, atakutengenezea ile aliyoizoea: sentimita 75 hivi kutoka sakafuni. Kiti atakipa 45. Samani za dukani nazo hazitoki nje ya hapo, meza zikiwa kati ya 72 na 76, viti kati ya 43 na 46. Vipimo hivi vina mwenyewe. Ni mtu wa kimo cha sentimita 180 hivi, amevaa viatu, anaandika kwa kalamu.

Wengi wetu si yeye, na mwili huonyesha mapema. Meza ikiwa juu mno, mabega hupanda na kubaki huko, na ukingo wa ubao huacha alama mkononi karibu na kifundo. Kiti kikiwa juu mno, visigino huelea, na ukingo wa mbele wa kiti hubana paja hadi miguu inakufa ganzi. Mtu hujisogeza mbele kutafuta sakafu, mgongo ukaacha kiegemeo, na hapo kiegemeo hakina kazi tena.

Kujua kimo chako hakutoshi, maana watu wawili wanaolingana wakisimama huweza kupishana wakikaa: mmoja urefu wake uko miguuni, mwingine uko kiwiliwilini. Kaa kwenye benchi gumu ukiwa na viatu vya kazini, nyayo zote chini, halafu umpe mtu tepu akupime. Kwanza, kutoka sakafuni hadi chini ya paja, nyuma ya goti pale linapokunjika. Huo ndio urefu wa kiti chako. Pili, legeza mabega, kunja mkono, na apime kutoka benchi hadi chini ya kiwiko. Kipimo hiki kikijumlishwa na cha kwanza kinakupa meza ya kuchapia. Ya kuandikia kwa kalamu iwe juu zaidi kwa sentimita tatu hivi. Tatu, unene wa paja, kutoka benchi hadi juu yake. Hiki husahauliwa sana, na ndicho huharibu kazi.

Tumchukue karani mwanamke mwenye kimo cha sentimita 156, anayeshinda kwenye kompyuta. Nyuma ya goti, pamoja na viatu, ni 40. Kiwiko kiko 23 juu ya kiti, paja lina unene wa 14. Meza yake ingekuwa 63. Aliyopewa ni ya 75, imemzidi kwa 12.

Njia ya kwanza ni kumwinua yeye. Kiti cha kupanda na kushuka kikifika 52, viwiko vinafika 75 sawasawa. Lakini miguu sasa inaning'inia, kwa hiyo lazima awekewe kibao cha miguu chenye urefu wa 12, kipana kiasi cha kubeba nyayo zote mbili na kumruhusu kuzisogeza. Kitabu kinene au mfuko chini ya meza havitoshi, atachoka navyo siku hiyo hiyo.

Sasa tuseme meza hiyo ina droo, na kutoka juu ya ubao hadi chini ya droo ni sentimita 12. Kutoka paja lake hadi kiwiko ni 23 kutoa 14, yaani tisa tu. Ubao na droo havipiti hapo. Akiinua kiti, mapaja yanagonga droo. Akikata miguu ya meza, yanagonga vilevile, kwa kuwa nafasi hiyo iko mwilini mwake na haibadiliki kwa kupandisha au kushusha chochote. Kwa mtu huyu droo ya katikati iondolewe, au ihamishiwe pembeni. Naona mafundi wangefanya vizuri kuacha kabisa kuweka droo mbele ya magoti.

Njia ya pili, kama meza ni ya mbao na mtumiaji ni mmoja, ni kuipunguza miguu. Kibao hakihitajiki tena na kiti kinarudi 40, ingawa viti vingi vya ofisi havishuki hadi hapo, kwa hiyo jaribu kiti kabla ya kushika msumeno. Kama kina sponji, kipime mtu akiwa amekikalia, maana sponji hudidimia. Kwenye meza, pima kila mguu kutoka juu ya ubao, usipime kutoka sakafuni, kwani sakafu nyingi hazina usawa. Kata kwanza sentimita 10 badala ya 12, mwache achape siku chache, ndipo umalizie zilizobaki akizihitaji.